Dhahabu ni Ile Ile, Bei ni Mbingu na Ardhi

Muuzaji akikuambia sarafu yake adimu itapanda bei kwa sababu dhahabu imepanda, shtuka. Krugerrand ya Afrika Kusini hufuata bei ya dhahabu kwa sababu unanunua uzito tu. Sarafu adimu ni kitu kingine.

Tazama ile ya Marekani ya dola 20, ya 1933. Ina takriban gramu 30 za dhahabu, iliyokuwa na thamani ya dola 1,800 hivi mwaka 2021. Mnadani iliuzwa dola milioni 18.9! Karibu zote ziliyeyushwa, zikabaki chache mno. Ziada hiyo ni ya uhaba, na wakusanyaji wakipoa, inashuka hata dhahabu ikipaa.

Kwa hivyo muulize: leo nikikurudishia, utanipa ngapi?