Sifuri na tano: kinachosemwa na tarakimu ya mwisho

Urefu wa mtoto hauna sababu ya kuishia kwenye sifuri. Ukiwapima watoto 400 wa chini ya miaka mitano katika vijiji vya Kailo, kaskazini ya Kindu, kwa ubao unaosomeka hadi milimita, tarakimu ya mwisho ya kila kipimo itakuja kama bahati ilivyopenda: sifuri mara 40 hivi, moja mara 40 hivi, na kuendelea mpaka tisa. Zikija sifuri 90 na tano 70, wanaozipenda namba hizo ni wapimaji, maana watoto hawana habari nazo. Toleo hili limebeba makala kadhaa zenye asilimia za utapiamlo, na kabla msomaji hajazifikia ningependa kumshawishi jambo moja: tarakimu ya mwisho, ambayo wengi wetu huitupa kama makombo, ndiyo shahidi wa bei nafuu kuliko wote wa namna kazi ilivyofanyika kijijini. Ila shahidi huyu huhojiwa timu moja moja. Ukimhoji kwa jumla, anaficha mengi.

Nianze na kinachoamuliwa kwa asilimia hizo. Tafiti za lishe katika zoni za afya za Kongo, zile zinazoongozwa na Programu ya Taifa ya Lishe (PRONANUT) pamoja na washirika wake, hufuata kwa kawaida utaratibu wa SMART, ulioanzishwa mwaka 2002 ili namba za eneo moja ziweze kulinganishwa na za jingine. Uzito wa mtoto hulinganishwa na urefu wake kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, na aliye chini ya alama -2 huhesabiwa kuwa amekonda kupita kiasi. Watoto wa aina hiyo wakifika asilimia 15 ya wote, hali huhesabiwa kuwa mbaya sana, na maziwa ya tiba, karanga za tiba na fedha huelekezwa huko. Kwa hiyo kosa linaloivusha zoni ng'ambo ya mstari huo, au linaloizuia isivuke, huamua lori litapita njia gani.

Pingamizi la kwanza ni la kihesabu, na lina nguvu. Watu husema: mmoja atazidisha, mwingine atapunguza, mwishowe yatafutana. Kwa wastani wa kundi zima ni kweli. Lakini sisi hatuulizi wastani, tunauliza ni wangapi wako ukingoni, na huko makosa hayafutani. Chukua kundi ambalo wastani wake wa kweli ni -0.8 na mtawanyiko wake ni 1.0. Walio chini ya -2 ni asilimia 11 na nusu hivi. Sasa wapimaji wazembe wakosee huku na huku bila kuegemea upande wowote, mtawanyiko upande hadi 1.2. Wastani haujasogea hata kidogo, ila walio chini ya -2 wamekuwa karibu asilimia 16, na walio chini ya -3, yaani wagonjwa mahututi, wametoka asilimia 1.4 hadi 3.3. Zoni imevuka mstari wa 15 na hakuna mtoto aliyepungua hata gramu moja.

Hapo mwenye kupinga anayejua kazi yake atanirudi: kuzungusha urefu hadi sentimita kamili hakupanui mtawanyiko kiasi hicho. Nakubali. Kosa la nusu sentimita kwa mtoto wa sentimita 80 halibadilishi sana alama yake. Lakini magoti yaliyokunjwa hubadilisha. Mtoto huyo akilazwa ubaoni huku miguu haijabanwa, akasomwa 78 badala ya 80, uzito unaotarajiwa kwake unashuka kwa takriban gramu 400, naye anaonekana ameshiba kuliko alivyo kwa karibu nusu alama. Kosa la namna hii haliachi alama kwenye fomu. Kinachoacha alama ni sifuri, kwa kuwa mtu aliyeusoma ubao kwa haraka kiasi cha kutoona milimita, kwa kawaida ni yule yule ambaye hakungoja visigino viguse. Ninaposema sifuri ni shahidi, maana yangu ni hiyo: dhambi yenyewe ni ndogo, ila huwa haiji peke yake.

Kuna kipimo kimoja ambacho kwacho kuzungusha si dalili tu, ni madhara yenyewe, nacho ni mzingo wa mkono. Hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia umelegea, na husomwa kwa milimita. Mipaka yake ni 115 na 125: chini ya 115 ni hali mahututi, kuanzia 115 hadi 124 ni hali ya kati, 125 na kuendelea ni salama. Angalia mahali mipaka hiyo ilipo. Iko juu ya tano, namba ile ile ambayo jicho la mpimaji huikimbilia. Mtoto wa 123 au 124 akizungushwa, anakuwa 125 na anatoka kwenye orodha. Mtoto wa 126 au 127 akizungushwa, naye anakuwa 125, lakini haingii, kwa kuwa 125 ni salama. Mlango ni wa kutoka tu. Tuseme wastani wa eneo ni milimita 145 na mtawanyiko ni 12: kati ya watoto 1000, waliopaswa kuorodheshwa ni 44 hivi, na timu inayozungusha hadi tano itaorodhesha 30. Karibu theluthi ya watoto imepotea, na hapa hakuna wa kufutana naye. Rangi za utepe nazo huchangia, kwani mpimaji aliyezoea kuchuja watoto kituoni kwa nyekundu, manjano na kijani huitazama rangi kwanza, kisha anaikadiria namba.

Sasa nirudi kwa wale 400. Programu ya ENA, inayotumiwa na tafiti za SMART, huzigeuza tarakimu kuwa alama moja ya upendeleo: hadi 7 ni bora, 8 hadi 12 ni nzuri, 13 hadi 20 inakubalika, zaidi ya 20 ni tatizo. Sifuri 90, tano 70 na nyingine zote 30 kila moja hutoa alama 17. Inakubalika! Ripoti inapigwa muhuri, kila mtu anakwenda nyumbani. Lakini tuseme kulikuwa na timu tano, kila moja na watoto 80, na tuzitazame mbalimbali. Timu nne kwa pamoja zina sifuri 50, tano 46, na nyingine 28 kila moja. Alama yao ni 8, kazi nzuri tu. Timu ya tano, katika watoto wake 80, ina sifuri 40, tano 24, na tarakimu nyingine nane zimegawana 16 zilizobaki. Alama yake ni 52. Timu hiyo haikupima, ilikadiria, na vijiji vyake vyote vimeingia kwenye asilimia ya zoni kama vile vingine. Kwa mfano huu naona neno «inakubalika» katika jumla lina upole usiostahili.

Dawa yake inajulikana, na sehemu kubwa yake hufanyika kabla ya kwenda kijijini. Siku ya jaribio la kulinganisha wapimaji, watoto kumi huletwa, na kila mpimaji humpima kila mtoto mara mbili bila kuiona namba yake ya kwanza. Tofauti za mara mbili hizo hukokotolewa kuwa kosa la kipimo la mpimaji. Kwa urefu, chini ya sentimita 0.4 ni vizuri, na anayefikia 1.0 hafai kupewa ubao. Jaribio hili hufichua mambo mawili tofauti ambayo mafunzo huyatibu kwa njia tofauti: asiyelingana na nafsi yake anahitaji mkono wa utulivu, na anayelingana na nafsi yake lakini si na msimamizi ana kosa moja analolirudia, mara nyingi kichwa cha mtoto kilichoinama au mahali pa kati ya mkono palipokosewa. Kisha kuna nidhamu ya kusema namba. Mpimaji huisoma kwa sauti akiwa bado amemshika mtoto, «sabini na nane nukta tatu», msaidizi huirudia, huiandika, na kumwonyesha. Ikiwa ni sifuri, lazima itamkwe: «sabini na nane nukta sifuri». Anayesema «sabini na nane» tu anaambiwa arudie kusoma. Jioni msimamizi huingiza data za siku hiyo na kuzitazama kwa timu, na asubuhi timu husikia matokeo yake kabla ya kuondoka.

Pingamizi la mwisho hutoka kwa watu wa Maniema wenyewe, nami nalisikiliza kuliko yale ya kihesabu. Timu imefika kwa pikipiki na miguu, mvua imenyesha, mtoto analia, mama ana shamba la mpunga linamngoja au mume yuko kwenye machimbo ya kasiterite. Kudai milimita hapo ni anasa. Sawa, lakini hoja hiyo inadai watoto wachache kwa siku, haidai kipimo kibovu. Anayepangiwa watoto zaidi ya nafasi aliyo nayo atazungusha, na lawama ni ya aliyepanga. Wengine huhofia kwamba timu zikijua tarakimu zinakaguliwa zitaanza kuzibuni. Zitabuni, ndiyo, ila mwenye kubuni naye hujulikana: huikwepa sifuri na tano hadi zinapungua kupita kiasi, watoto wake hufanana mno, na msimamizi akirudi kuwapima upya wachache wa jana, namba zinamkana.

Kwa hiyo kuanzia toleo lijalo, kila makala yenye asilimia za utapiamlo itakayoletwa kwetu iambatane na jedwali la tarakimu za mwisho za uzito, urefu na mzingo wa mkono kwa kila timu, pamoja na matokeo ya jaribio la kulinganisha wapimaji. Mwandishi aliyeiondoa timu moja kwenye hesabu aseme ni ipi na kwa nini. Hilo halitamnyima nafasi. Makala isiyo na jedwali hilo itarudishwa kwa mwenyewe.