Video za Zamani: Ipi Irekebishwe, Ipi Irudiwe, Ipi Ipumzishwe?

Jirani yangu wa Buyenzi ana kibanda cha kutengeneza sabuni katika eneo la viwanda hapa Bujumbura. Tangu mwaka 2022 amekuwa akiweka video zake katika YouTube, nyingine za sabuni, nyingine za masomo ya watoto ambazo bintiye hupenda kuzisoma mbele ya kamera. Jumamosi iliyopita aliniita akitaka ushauri. Alikuwa amekata shauri kuzifuta video zote zilizopungua watazamaji. Aliyaandika majina yake katika karatasi, na kila moja akaiandikia jumla ya mara ilizotazamwa.

Nilimwomba aiweke kando karatasi ile. Jumla hueleza mambo yaliyokwisha pita. Haisemi kama video ingali hai. La kutazama ni hesabu ya kila wiki, na hasa inachukua muda gani kupungua kwa nusu. Ikiwa video imeshuka kutoka 400 hadi 200 kwa wiki nane, kisha ikashuka hadi 100 kwa wiki nane nyingine, hiyo inakwenda kufa kwa mwendo ule ule. Lakini ikiwa nusu ya kwanza ilichukua wiki nane, ya pili mwaka mzima, basi imefika sakafuni, na sakafu hiyo ni watu wanaoitafuta wenyewe kila siku kwa sababu wana haja nayo.

Tukaanza na video ya noti. Tarehe 7 Juni 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilitangaza kuwa noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000 zibadilishwe katika muda wa siku kumi. Bibi huyu aliwahi kueleza namna ya kuzitambua. Siku kumi za kwanza alipata watazamaji 2,600, kumi za pili 310, kumi za tatu 40. Leo hapati hata watatu kwa wiki. Hakuna jalada jipya wala jina jipya litakaloifufua, maana jambo lenyewe limekwisha. Tuliiondoa katika orodha ya hadhara, lakini mwenye kiungo chake bado aweza kuifungua. Ilituchukua dakika moja.

Ya mikoa ilitaka fikira zaidi. Bintiye alikuwa ameeleza mikoa 18 ya Burundi, na mama alitaka kuifuta kwa kuwa mwezi Julai ilianguka vibaya. Mimi niliyesomea ualimu nilicheka kidogo. Mwezi Julai shule zimefungwa! Video ya masomo hailinganishwi na mwezi uliotangulia, bali na mwezi ule ule wa mwaka uliopita. Tukatazama Oktoba 2024 na Oktoba 2025, nayo ilikuwa imeshuka kweli, kutoka 80 kwa wiki hadi 35.

Hapo ndipo wengi hukosea, kwa kuona anguko na kutouliza sababu. YouTube humwonyesha mwenye video hesabu tatu zifaazo: video ilitandazwa mbele ya watu mara ngapi, wangapi kati yao waliibofya, na waliobofya walikaa muda gani. Kama kutandazwa kumepungua, aghalabu watu wameacha kuuliza jambo hilo, au wamepata mwalimu mwingine. Kama kutandazwa hakukupungua ila wanaobofya wamepungua, kosa yamkini liko katika jina au picha ya jalada, na hayo hubadilishwa bila kugusa video. Na kama watu wanabofya kisha wanaondoka upesi, kosa limo ndani ya video yenyewe.

Video ya mikoa ilitandazwa karibu sawa na mwaka uliotangulia. Waliobofya walipungua, na wachache waliobofya waliondoka kabla ya nusu dakika, pale pale mtoto anaposema "kumi na minane". Sheria ya mwaka 2023 iliigawa nchi katika mikoa mitano, yaani Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega, na mgawanyo huo ukaanza kutumika mwaka 2025, tarafa nazo zikapungua kutoka 119 hadi 42. Basi wanaouliza wapo, jibu ndilo limechakaa. Hiyo ni video ya kutengenezwa upya. Ila ile ya zamani haikufutwa. Tuliipa jina jipya, "Mikoa 18 ya Burundi kabla ya 2025", kwa kuwa mwanafunzi anayesoma vitabu vya zamani bado ataihitaji, na mpya itakapokuwa tayari kiungo chake kitawekwa katika maelezo ya ile ya kale.

Ikabaki video ya sabuni ya mawese, fahari ya kibanda. Wiki ya kwanza ilitazamwa mara 900, mwezi wa tatu 150 kwa wiki, na tangu hapo, kwa miaka miwili, haikushuka chini ya 120. Zaidi ya nusu ya watazamaji huja kwa kutafuta. Kwa takwimu peke yake ningesema isiguswe.

Lakini tulipokuwa tukiitazama nilisikia akisema gramu 170 za soda kali kwa kilo moja ya mawese. Kilo ya mawese huhitaji gramu 141 hivi ili yote igeuke sabuni, na mtengenezaji mwangalifu hupunguza hadi 134 ili mafuta kidogo yabaki. Kwa gramu 170, soda inayozidi hubaki ndani ya kipande. Sabuni hutoka ngumu yenye kumeguka kama chaki, na huchoma ngozi.

"Mwalimu, mbona yangu haichomi?" akauliza.

Tuliitafuta mizani yake ya zamani. Tukaweka juu yake pakiti ya chumvi ya nusu kilo ambayo haijafunguliwa, nayo ikasema gramu 610. Kumbe kila alipopima 170, halisi ilikuwa kama 140. Mafuta alipimiwa na muuzaji sokoni, kwa hiyo hayo yalikuwa sawa. Sabuni yake ilikuwa njema, na mwenye mizani mizima aliyemfuata ndiye aliyeharibikiwa. Ndipo akakumbuka mteja wa Uvira aliyempigia simu akilalamika kuwa vidole vinawasha, naye akamjibu kuwa hakukoroga vya kutosha.

Alinyamaza kitambo. Video ile ndiyo iliyomletea wateja wengi. Alipendekeza aandike sahihisho katika maelezo, lakini mtu aliye jikoni na ndoo mbele yake hasomi maelezo. Kukata kipande hakukufaa, kwani YouTube huruhusu kupunguza sehemu bila kubadili anwani, ila hairuhusu kuweka faili jipya mahali pa la zamani, na tarakimu ile aliitamka mara nne. Kuiondoa katika orodha tu kama ile ya noti pia hakukutosha, maana viungo vilivyokwisha tumwa kwa simu vingeendelea kufunguka. Kilichobaki ni kuifanya ya faragha, hata mwenye kiungo asiione. Tulipendelea hivyo kuliko kufuta, kwa sababu kufuta hakurudishwi, na takwimu zake tutazihitaji kulinganisha.

Gharama yake ni kubwa. Video mpya huanza na sifuri, haikirithi kitu. Na saa za video iliyofichwa hazihesabiwi katika zile 4,000 za miezi 12 zinazotakiwa ili kulipwa fedha za matangazo, nazo alikuwa amezikaribia.

Aliificha jioni ile ile, kabla ya kuwa na nyingine. Kisha akampigia simu yule wa Uvira. Jumatatu aliazima mizani ya duka la dawa, akaipima kwanza kwa pakiti ya chumvi mbele ya kamera, ndipo akaanza kumimina soda.