Barua ya Usimamizi Siyo Mwisho wa Mirathi

Tukipata habari ya msiba tukiwa huku Maskati, Riyadh au Dubai, hatukawii kutuma hela. Tunachangia sanda, chakula cha wageni, na nauli ya shangazi anayetoka mkoani. Baada ya arobaini tunapigiwa simu tunaambiwa kaka mkubwa "kapewa mirathi mahakamani". Tunaitikia Alhamdulillahi, tunarudi kazini. Kwa maoni yetu, hapo ndipo wengi wetu tunapopoteza haki, kwa sababu alichopewa kaka ni kazi ya kufanya, na kazi hiyo ina tarehe na ina fomu za kujaza.

Hapa tunazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar na Kenya wana taratibu zao. Kwa Bara, mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya mila hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi ya kudumu. Familia inachukua cheti cha kifo RITA, inakaa kikao, inaandika muhtasari wa nani kapendekezwa kuwa msimamizi. Msimamizi huyo anajaza Fomu Na. 1, mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kama hakuna, anapewa barua ya usimamizi. Hadi hapo familia nyingi zinafika vizuri tu. Shida inaanza baada ya barua.

Barua inampa msimamizi mamlaka ya kukusanya mali ya marehemu, kudai waliokuwa wanadaiwa na marehemu, kulipa madeni yake, kisha kugawa kinachobaki kwa warithi. Haimfanyi yeye kuwa mwenye mali. Hata kiwanja kikiandikishwa jina lake ardhi, anaandikwa kama msimamizi wa mirathi ya fulani, maana yake anakishika kwa ajili ya wote.

Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka ndani ya miezi 4 tangu apewe barua alete Fomu Na. 5. Hiyo ni orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu. Baadaye analeta Fomu Na. 6, ambayo ni hesabu: kimeingia nini, kimetoka nini, nani kapata kiasi gani. Kama barua ilitoka mwanzoni mwa Machi, Fomu Na. 5 inatakiwa iwe mahakamani mwanzoni mwa Julai. Mirathi ambayo hesabu yake haijapelekwa na kukubaliwa bado iko wazi, hata kama nyumbani wanasema mambo yalishaisha.

Kwa nini tunang'ang'ania Fomu Na. 5? Kwa sababu sisi tulio nje ndio tunaotuma hela za kujenga, na mara nyingi tunajenga kwenye kiwanja cha baba.

Tuchukue mfano wa kutunga. Baba amefariki Tanga. Wazazi wake walishatangulia. Ameacha mjane, watoto wawili wa kiume na binti mmoja anayefanya kazi za ndani Maskati. Dada huyu kwa miaka mitatu alituma jumla ya milioni 6 za kujenga vyumba viwili vya uani, vya kupangisha. Kaka msimamizi anaandika kwenye Fomu Na. 5: nyumba pamoja na vyumba vya uani, milioni 34, akiba ya benki, milioni 8.5, madeni na gharama, milioni 2.5. Kinachobaki ni milioni 40.

Kwa mgawo wa Kiislamu, mjane anapata thumuni, yaani milioni 5. Zinabaki milioni 35, na kila mtoto wa kiume anachukua mafungu mawili, wa kike fungu moja. Kaka wawili wanapata milioni 14 kila mmoja, dada anapata milioni 7. Hesabu hii haina wizi wowote. Ila ukitazama vizuri, ndani ya zile milioni 34 mna hela ya dada mwenyewe, na sasa inagawiwa kwa watu wote.

Dada akijitokeza mapema na kuthibitisha kwamba zile milioni 6 alimkopesha baba, zinaingia upande wa madeni, na madeni hulipwa kabla ya kugawa. Zinabaki milioni 34. Mjane anapata milioni 4.25, kaka kila mmoja milioni 11.9, na dada fungu lake ni milioni 5.95. Ukijumlisha na deni lake anaondoka na milioni 11.95 badala ya 7. Tofauti hiyo ni karibu milioni 5.

Lakini tusidanganyane: mahakama haitakubali kwa maneno matupu. Itauliza, hela hii ulimpa baba kama zawadi ya mtoto kwa mzazi, au mlikubaliana ni mkopo, au vyumba ni vyako? Risiti za kutuma hela zinaonyesha kwamba ulituma. Hazionyeshi ulituma kwa makubaliano gani. Kinachosaidia ni maandishi mliyoandikiana na baba, risiti za saruji na mabati zenye jina lako, na mashahidi waliosikia makubaliano. Ndiyo maana tunasema unayejenga leo kwenye kiwanja cha mzazi aliye hai, andikianeni leo, na mashahidi waweke saini. Mzazi mwenye busara hatakasirika.

Sasa, ukiwa mbali unafanyaje? Kwanza omba vitu viwili: jina la mahakama na namba ya shauri. Bila namba huwezi kufuatilia chochote, na msimamizi asiye na la kuficha atakutumia siku hiyo hiyo. Miezi 4 ikipita, omba nakala ya Fomu Na. 5. Sheria inairuhusu Mahakama ya Mwanzo kumkubali ndugu au mtu wa nyumbani kwako asimame badala yako ukiomba, kwa hiyo mchague unayemwamini, umwandikie. Kama hati inahitaji kuthibitishwa, nenda ubalozini siku yako ya mapumziko.

Ukitumiwa hati ya ridhaa uisaini, isome yote. Kukubali kaka awe msimamizi ni jambo moja. Kukubali kwamba hudai fungu lako ni jambo lingine kabisa, na wakati mwingine yote mawili yanakaa kwenye karatasi moja. Karatasi yenye nafasi tupu usiisaini.

Na kama msimamizi haleti fomu, au ameficha mali, mrithi anaweza kuilalamikia mahakama. Inaweza kumwita ajieleze, na ikiona sababu ya kutosha inaweza kumwondoa na kuteua mwingine. Akisababisha hasara kwa kutumia mali ya mirathi vibaya, anaweza kutakiwa kuilipa.

Wapo watakaosema kuomba fomu ni kumwonyesha kaka kwamba humwamini. Sisi tunaona tofauti. Kaka mwaminifu fomu hizo zinamlinda, maana miaka kumi ijayo mtoto wa ndugu akiuliza akiba ya babu ilikwenda wapi, jibu litakuwa mahakamani kwenye jalada, lenye tarehe na saini. Anayekaa na barua tu hana cha kumwonyesha.