Chaja ya Soo Moja: Hizo Milimita Chache Ndani Yake Zinaweza Kukumaliza

Form ni hii. Umeshuka boti Mtangawanda ukitoka Lamu mjini, simu iko asilimia 4 na chaja umesahau kwa kina anti. Dukani ziko mbili. Moja ni soo tano. Ingine ni soo moja, nyeupe, ina jina la kampuni kubwa ya simu, na muuzaji anaapa ni orijino. Doo ni noma, unabeba ya soo. Simu inachaji fiti. Sasa shida iko wapi?

Shida iko ndani, mahali huoni. Stima yetu ni volti 240, na chaja ya kawaida inaishusha hadi 5. Lakini iko na kazi ingine kubwa kuliko hiyo: kuhakikisha stima kali haigusani kabisa na upande wa waya unaoenda kwa simu. Chaja poa huacha nafasi ya milimita 4 au zaidi kati ya hizo pande mbili. Feki zikifunguliwa, zingine hupatikana zimeacha chini ya milimita 1.

Sasa weka hiyo kitu Pate, kisiwa chenye hewa ya bahari. Chumvi ikishika bodi na unyevu ukiingia, hiyo njia inaanza kupitisha stima. Milimita 4 zinavumilia. Nusu milimita haivumilii. Stima ikiruka, inafuata waya hadi kwa simu, na wewe umeishika, miguu chupu sakafuni.

Hii si story ya vijiweni. Mwaka 2016, wakaguzi wa UL walipima adapta feki 400 zilizojifanya za Apple. 397 zilifeli. 12 kati yazo zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kuua mtu kwa shoti.

Halafu kuna moto. Feki nyingi hazina fyuzi ya maana, na plastiki yake inashika moto haraka. Ikipata joto juu ya godoro ya sponji, chini ya paa la makuti, ni balaa. Watu wa Pate wanajua vile moto hukimbia: mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba hapo Faza. Sisemi ulianzishwa na chaja. Nasema makuti hayakupi muda wa kutafuta ndoo.

Cheki hivi kabla ulipe

Shika hizo chaja mbili, moja kila mkono. Feki kawaida ni nyepesi, juu vifaa vya kukulinda ndivyo vimeachwa nje. Hii peke yake haitoshi, kuna wajanja huweka kipande cha chuma ndani iwe nzito.

Angalia pini. Kwa chaja ya pini tatu, kutoka pini hadi ukingo wa chaja kunafaa kuwe na angalau milimita 9.5, karibu sentimita moja. Ikiwa pini zimebanana na ukingo, kidole chako kinaweza kugusa chuma ukichomeka.

Soma maandishi. Tafuta mistari ya `INPUT` na `OUTPUT`, kwa mfano `100-240V` na `5V 2A`. Herufi zikiwa zimekosewa ama zinafutika na kidole, rudisha.

Kwa adapta na ekstensheni, cheki ile pini ndefu ya juu. Hiyo ni ya ardhi. Ikiwa ya chuma na imevalishwa plastiki nyeusi katikati, inaweza kukosa kugusana na ardhi kabisa. Plastiki hiyo ni ya zile pini mbili za chini.

Na wacha kuchokora soketi na biro ndio chaja ya pini mbili iingie. Vile vifuniko vya ndani ni vya kukulinda, na pini zikikaa legelege zinatoa cheche na joto.

Umeshanunua?

Skrini ikianza kujibonyeza yenyewe ukichaji, stima inayotoka ni chafu. Ukisikia kuwashwa kidogo ukigusa chuma ya simu, usipanik, hata orijino zingine hufanya hivyo. Lakini ikikurusha mkono, ama chaja inanuka kuungua, zima swichi kwanza, kisha itoe na usiitumie tena.

Sheria ipo, lakini ina mianya. Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya 2008 inalinda jina la kampuni. Chaja isiyo na jina la mtu si ghushi kwa sheria hiyo, hata kama inaua. Hiyo ni kazi ya KEBS, shirika la viwango. Kwa hivyo "haina brandi" haimaanishi salama, na jina kubwa pia halimaanishi kitu kama pini zimebanana na ukingo.

Ukikosa doo ya soo tano leo, omba jirani akuchajie hadi kesho. Na hata ukipata orijino, usiifunike na mto usiku.