Sura Ikitosha, Ipelekwe

Kila chuo kikuu kina wanafunzi wa uzamili waliomaliza masomo ya darasani, pendekezo lao la utafiti likapita, wakakusanya data, kisha wakapotea. Msimamizi akipiga simu anajibiwa, "Naimalizia, Daktari, nipe wiki mbili." Wiki mbili zinageuka muhula mzima. Ni rahisi kuwaita wavivu, lakini wengi wao hawalali. Usiku wako mezani wakiisahihisha sura ileile waliyoisahihisha jana, kwa sababu wanataka isiwe na dosari hata moja kabla mtu mwingine hajaiona.

Gharama yake ni kubwa. Muda wa usajili una kikomo, na kuuongeza kunataka maombi na mara nyingi ada. Data inachakaa. Msimamizi anahama au anastaafu, na anayekuja anataka mambo mengine. Tunaamini tanzi hili linafunguka kwa vitu viwili: kipimo cha kutosha kilichoandikwa kabla kazi haijaanza, na tarehe ya kukabidhi ambayo kuna mtu anaisubiri.

Tuanze na kipimo. Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, aliandika tangu 1956 kwamba binadamu hana muda wala uwezo wa kupima kila chaguo ili apate lililo bora kuliko yote. Hujiwekea kiwango kinachomtosha, na akipata kinachokifikia huacha kutafuta. Mwanafunzi asiye na kiwango hana pa kuachia. Ataendelea kutafuta hadi fedha au nguvu zimwishie.

Chukua mfano wa mwanafunzi anayechunguza utoro katika shule za sekondari za wilaya moja. Amekwama kwenye sura ya pili, mapitio ya machapisho. Hofu yake ni kwamba ipo makala muhimu ambayo hajaisoma, na kila makala anayoisoma ina marejeleo yanayomtajia nyingine tano. Kazi ya namna hiyo haiishi yenyewe, lazima iwekewe mpaka. Yeye na msimamizi wake wakae siku moja na waandike kwenye ukurasa mmoja maswali ambayo sura hiyo itapimwa kwayo. Je, inaeleza yanayojulikana kuhusu utoro kwa kufuata hoja, badala ya kuorodhesha waandishi mmoja mmoja? Je, inaonyesha pengo ambalo utafiti huu utaliziba? Je, kila chanzo kilichotajwa ndani kimo kwenye marejeleo? Je, haizidi kurasa 25? Waongeze na kanuni ya kuacha kusoma: makala tatu mfululizo zisipoleta hoja mpya, usomaji unafungwa na uandishi unaanza.

Maswali hayo yakijibiwa ndiyo, sura imetosha. Lugha itakuwa bado na mikwaruzo, na huenda kichwa kidogo kimoja hakijakaa vizuri. Hayo ni ya rasimu ya mwisho. Hata watahini hawadai kazi isiyo na doa: katika vyuo vingi kuna matokeo rasmi ya kufaulu kwa sharti la kufanya marekebisho, na wahitimu wengi wamepitia mlango huo. Mwanafunzi anayetaka sura yake ya pili ifike kwa msimamizi bila kasoro anajidai kuliko watahini watakavyomdai siku ya utetezi.

Kipimo peke yake hakitoshi, kwa sababu swali la nne likishajibiwa mkono bado utataka kurudi kwenye swali la kwanza. Hapo ndipo tarehe inapofanya kazi. Tarehe ambayo mtu amejipangia mwenyewe bila kumwambia yeyote huahirishwa bila mtu kujua. Tarehe yenye nguvu ina saa, ina mpokeaji, na ina kitakachofuata: Ijumaa saa nne asubuhi sura inatumwa ilivyo, na Jumatano baada ya hapo kuna kikao cha kuijadili. Sura yenyewe igawanywe. Badala ya miezi mitatu kwa sura nzima, ziwepo wiki mbili kwa sehemu ya kwanza, mbili kwa ya pili, na moja ya kuunganisha. Kucheleweshwa kwa kurasa nane kunaonekana mapema, wakati bado kuna nafasi ya kusaidiana.

Mwanafunzi atajuaje kwamba anachokifanya si kuboresha tena bali ni kuchelewesha? Atazame kompyuta yake. Akikuta Sura2_mwisho, Sura2_mwisho_mpya na Sura2_mwisho_kabisa, afungue ya leo na ya wiki mbili zilizopita, aziweke sambamba. Kama hoja ni zilezile, ushahidi ni uleule, na kilichobadilika ni "aidha" kuwa "vilevile", basi sura ilikuwa tayari wiki mbili zilizopita. Itumwe leo.

Yapo mambo ambayo hayaingii kwenye mjadala wa kutosha. Majibu ya dodoso lazima yaingizwe kama wahojiwa walivyojibu. Hesabu ikikosewa irudiwe, hata kama tarehe imefika. Ridhaa ya wahojiwa na siri zao havipunguzwi. Maneno ya mtu mwingine lazima yatajiwe mwenyewe. Kosa la aina hii linaua matokeo yote, wakati sentensi ndefu inamchosha msomaji tu. Ndiyo maana ule ukurasa mmoja uwe na safu mbili: yanayozuia sura isitumwe, na yanayoweza kungoja. Mtu anayepigania ukamilifu huyaweka yote kwenye safu ya kwanza, na mara nyingi nguvu zinazopotea kwenye vichwa vidogo ndizo zilizohitajika kuhakiki majedwali.

Wasimamizi nao wana sehemu yao. Mwanafunzi aliyewahi kurudishiwa sura imejaa wino mwekundu kuanzia nukta hadi mkato, bila kuambiwa kama hoja yenyewe imesimama, hujifunza kutopeleka kitu. Msimamizi asome rasimu ya kwanza kwa ajili ya hoja na ushahidi peke yake, aseme wazi kipi kimepita, na aache tahajia na nafasi za pembeni kwa rasimu ya mwisho. Tena airudishe kwa tarehe waliyokubaliana. Sura ikikaa kwake miezi miwili, mwanafunzi ataendelea kuichokonoa, na tarehe inayofuata haitaheshimiwa na yeyote.

Kurugenzi za masomo ya uzamili zinaweza kulianzisha hili muhula ujao bila kuongeza bajeti. Fomu ya usajili wa tasnifu iambatane na ukurasa wa vipimo kwa kila sura, safu zake mbili, tarehe za kukabidhi na tarehe za kurudishiwa, vyote vimesainiwa na mwanafunzi pamoja na msimamizi kabla sura ya kwanza haijaandikwa. Na mwanafunzi ambaye leo ana sura inayojibu maswali yake yote asisubiri fomu hiyo. Aitume kabla ya Ijumaa.