Rangi Isiachiwe Kusema Peke Yake



Siku hizi matangazo mengi hayabandikwi ubaoni tu. Huandaliwa kama mfululizo wa slaidi, picha tano, nane au kumi, ambazo msomaji huzitelezesha kwa kidole moja baada ya nyingine kwenye kioo cha simu. Viongozi wengi wa walei sasa huziandaa wenyewe. Yatupasa basi tukumbuke jambo moja: slaidi ni picha. Ujumbe wa kawaida wa simu, msomaji huweza kuukuzia herufi katika mipangilio ya simu yake. Maneno yaliyochorwa ndani ya picha hayaitikii mipangilio hiyo. Aina ya herufi, rangi na nafasi tulizochagua sisi ndizo atakazolazimika kuzisoma.

Somo hili tulilipata kwa makosa yetu wenyewe. Tuliandaa slaidi 8 za kuwaeleza wajane na warithi namna ya kujiandaa kwa kikao cha usuluhishi wa shamba. Slaidi ya 4 ndiyo iliyobeba uzito. Ilikuwa na orodha mbili: vitu vya kukabidhi mezani viliandikwa kwa kijani, na vitu vya kuonyesha tu, kisha kurudi navyo nyumbani, kwa nyekundu. Juu yake tuliweka kichwa cha herufi nyekundu ndani ya ukanda wa kijani. Tuliiona inapendeza.

Mzee mmoja alikuja kikaoni akakabidhi hati halisi ya shamba, bila nakala. Hati ilikaa mikononi mwa wengine kwa muda, na waliokuwa wakimpinga wakapata la kusema. Tulipomwuliza, alifungua simu akatuonyesha: yeye aliona orodha moja ndefu ya rangi ya udongo, na kichwa chake hakukiona kabisa. Mama mmoja aliyekuwa karibu akaongeza kwamba yeye rangi alizitofautisha vizuri, lakini aliacha kusoma katika mstari wa pili kwa sababu maneno yalimchanganya. Wote wawili hawakuwa wazembe. Mzee ana upofu wa rangi. Mama ana disleksia.

Jina la upofu wa rangi hupotosha. Wengi wenye hali hii hawaoni dunia nyeusi na nyeupe. Jicho lina seli za aina tatu za kupokea rangi, na kwao aina moja haipo au haifanyi kazi sawasawa, hata nyekundu, kijani na kahawia zikakaribiana. Hurithiwa zaidi kupitia kromosomu ya X, na ndiyo maana huwapata wanaume kuliko wanawake. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ni takriban 1 katika kila 12. Miongoni mwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo, na wengi hawajawahi kupimwa.

Disleksia ni jambo jingine. Si ugonjwa wa macho wala upungufu wa akili. Ni ugumu wa kuunganisha herufi na sauti zake kwa wepesi, hata mtu akiwa na busara na ufasaha wa kusema. Mpangilio wa herufi hauiponyi disleksia, lakini waweza kumwongezea mtu mzigo au kumpunguzia.

Hebu tuitengeneze slaidi ile hatua kwa hatua.

Kosa la kwanza lilikuwa kuiachia rangi ibebe maana peke yake. Hapa dawa si kutafuta nyekundu bora zaidi. Dawa ni maneno. Tuliigawa slaidi ile kuwa mbili. Ya kwanza ina kichwa kisemacho "Kabidhi vitu hivi", na kila kitu kimewekewa alama ya vema. Ya pili inasema "Onyesha vitu hivi, kisha rudi navyo", na kila kitu kimewekewa alama ya mkasi. Rangi zaweza kubaki kama pambo, kwa kuwa hata zikiondolewa zote hakuna maana inayopotea.

Kosa la pili lilikuwa katika kile kichwa, na hili lina kipimo. Utofautisho wa herufi na rangi iliyo nyuma yake hupimwa kwa uwiano unaoanzia 1 kwa 1, yaani hakuna tofauti ya mwanga, hadi 21 kwa 1, yaani nyeusi juu ya nyeupe. Mwongozo wa kimataifa uitwao WCAG unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Nyekundu yetu ilikuwa `#FF0000` na kijani chetu `#008000`. Uwiano wake ni takriban 1.3 kwa 1. Kwa macho mengi rangi hizi mbili hupigana na kuonekana mbalimbali sana, lakini kwa mwanga ni karibu sawa. Kwa hiyo yule asiyeona tofauti ya rangi hakubakiwa na kitu cha kushika.

Tulichagua samawati iliyokoza, `#000080`, juu ya rangi ya maziwa, `#FFF8E7`, na uwiano ukawa takriban 15 kwa 1. Hatukuchagua nyeupe tupu, kwa kuwa baadhi ya wenye disleksia husema weupe mkali huwachosha, nao Waingereza wa British Dyslexia Association hushauri rangi ya maziwa au nyingine iliyofifia. Tahadhari ni kwamba tusilainishe kupita kiasi. Kijivu `#999999` juu ya nyeupe, kinachopendwa sana na wabunifu, hakifiki hata 3 kwa 1.

Uwiano huu hauhitaji kukokotolewa kwa mkono. Ukurasa wa WebAIM Contrast Checker hupokea namba za rangi mbili na kutoa jibu papo hapo. Hata hivyo una mpaka wake. Nyekundu tupu juu ya nyeusi hupata zaidi ya 5 kwa 1 na kufaulu, lakini wako watu ambao kwao nyekundu huwa giza, nao wataona ubao mweusi mtupu. Hivyo basi, nyekundu juu ya nyeusi tuiache, hata kama kipimo kimeikubali.

Kosa la tatu lilikuwa herufi zenyewe. Tuliandika orodha yote kwa herufi kubwa za mlazo. Neno likiandikwa kwa herufi kubwa tupu hupoteza umbo lake la kupanda na kushuka, likabaki kama tofali. Kiswahili huumia zaidi hapa, kwa kuwa maneno yetu ni marefu na maana hukaa katika silabi ndogo za mwanzo. "Watakabidhi" na "hawatakabidhi" hutofautiana kwa silabi moja, nayo ndiyo inayogeuza amri kuwa katazo. Maandishi ya mlazo nayo hulaza herufi zikaegemeana. Sasa tunatumia herufi ndogo zilizosimama, na herufi kubwa mwanzoni mwa sentensi na majina tu. Panapohitaji mkazo, tunatumia herufi nzito kwa neno moja au mawili.

Kuhusu aina ya herufi, tafuta isiyo na vikia na ambayo herufi zake hazifanani. Jaribio jepesi ni kuandika I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 pamoja. Katika Arial mbili za kwanza karibu hazitofautiki; katika Verdana hutofautika. Iko pia herufi ya bure iitwayo Andika, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya wanaojifunza kusoma, na jina lake ni neno letu. Zipo pia herufi zinazotangazwa kuwa zimebuniwa mahsusi kwa wenye disleksia, kama OpenDyslexic. Wapo wanaozipenda, na wasizuiwe. Lakini majaribio yaliyofanywa hayakuonyesha kwamba maumbo yake huharakisha usomaji.

Kilichoonekana kusaidia zaidi ni nafasi, na hapo ndipo palipokuwa na kosa letu la nne. Mwaka 2012 watafiti wa Italia na Ufaransa waliwapa watoto wenye disleksia maandishi yaleyale katika sura mbili, ya kawaida na yenye nafasi zaidi kati ya herufi. Kwa herufi za ukubwa wa pointi 14 waliongeza pointi 2.5. Watoto wakasoma kwa kasi zaidi na kwa makosa machache, bila mazoezi yoyote. Sababu ni kwamba herufi zilizobanana husumbuana, na jirani humfunika jirani.

Slaidi yetu ina upana wa pikseli 1080 na kimo cha 1350. Kwenye simu ya kawaida huonekana ikiwa imepunguzwa karibu mara tatu. Herufi tulizoziona kubwa kwenye kompyuta, pikseli 30, zilifika kwa msomaji kama pikseli 10. Sasa hatushuki chini ya 48. Kwa hesabu hiyohiyo, yale maandishi makubwa yanayoruhusiwa uwiano wa 3 kwa 1 huanzia pikseli 24 za kioo, yaani 72 katika slaidi. Kwa ukubwa wa 48 tunaongeza pikseli 5 kati ya herufi na herufi, na kupanua pia nafasi kati ya maneno, la sivyo maneno huungana. Mstari hadi mstari tunaweka pikseli 72, na ukingo wa 100 kila upande. Mstari mmoja hubeba herufi kama 30, yaani maneno manne au matano ya Kiswahili. Maandishi huanzia kushoto na kuachwa yaishie yanapoishia. Kunyoosha kingo zote mbili huzaa mapengo yasiyo sawa, na jicho hutumbukia humo. Yasipotosha, tunaongeza slaidi. Hatupunguzi herufi.

Kabla ya kusambaza, tunafanya majaribio mawili. Kwanza, tunaondoa rangi zote kwenye simu, kwa mpangilio wa kijivu ulio katika sehemu ya `Accessibility`, na kuuliza kama bado kila kitu chaeleweka. Pili, tunampa simu mtu asiyeshiriki kuandaa, akiwa amesimama nje juani, asome kwa sauti. Pale anaporudia neno mara mbili ndipo penye kasoro.

Mwisho, maneno yote ya slaidi tunayaandika tena kama maandishi ya kawaida chini ya picha. Yule ambaye slaidi imemshinda ataweza kuyakuza, au kuyasikiliza yakisomwa na simu yake.

Slaidi za usuluhishi wa shamba zilikuwa 8. Sasa ni 11. Yule mzee tulimpa azisome kabla ya wengine wote. Alipofika ile ya hati halisi alisoma kichwa kwa sauti, akatutazama, akasema: "Hii mngeniandikia mara ya kwanza."