Kufupisha kaye ya egzeta: gumu ndiyo ibaki

Batoto betu wa Kisangani wanafupisha masomo ya egzeta vibaya: wanakata yaliyo magumu, wanaacha yale wanajua tayari. Tuchukue somo la densite, kurasa 10.

Mara ya kwanza, toa mifano inayofanana na maneno mwalimu alirudilia. Inabaki kurasa 5. Mara ya pili, funga kaye, andika kwa kichwa. Kile kimetoka sawa, kikate. Mutoto wa muchimbaji ameona kwa macho zahabu ikibaki chini ya beseni na muchanga ukienda na maji. Hana haja ya kuiandika. Inabaki kurasa 2.

Mara ya tatu ndiyo yenye hatari. Mutoto anaandika «zahabu 19,3» na anakata g/cm³, eti ni kidogo. Siku ya egzeta wanauliza kwa kg/m³: ni 19 300. Amekosa mara 1 000! Ukurasa wa mwisho ubebe ρ = m/V, vipimo vyake, na makosa aliyofanya kwa mazoezi.

Baba, mama, shikeni karatasi hiyo mumuulize. Akishindwa kueleza mustari mumoja, arudie zile kurasa 2. Ndiyo maana hazitupwe mbele ya egzeta.